Meno Matatu kwa Jicho Moja

Nilimng'olesha mume wangu meno matatu mazima. Nasema nilimng'olesha kwa sababu koleo halikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa la muuguzi wa dispensari ya mtaa wetu. Lakini kila mara ni mimi niliyemshika mkono na kumpeleka, ni mimi niliyemwonyesha muuguzi jino lenye makosa, na ni mimi niliyerudi nyumbani nikijisikia kama mtu aliyepasua tumbo la mgonjwa akalishona vizuri.

Lazima niseme pia kwamba mimi si mtu wa kutoka. Hapa Kalemie watu huniuliza kama ninajua ziwa liko upande gani. Miaka ile ya Zaire nilikuwa na cherehani yangu dirishani, nikishona mashati na sare za shule, na safari yangu ndefu ilikuwa kwenda uani kuanika nguo. Dispensari ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Mtu akiniona njiani alijua kuna mgonjwa ama kuna msiba. Basi fikiria jinsi nilivyokuwa na hakika na dawa yangu, hata nikavaa viatu mara tatu.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye karakana ya reli. Mtu mpole, mwenye maneno machache na mzaha mwingi. Lakini mtaani hawakumjua kwa reli. Walimjua kwa tarumbeta. Mapadre walimfundisha alipokuwa kijana, na tangu hapo alikuwa wa kwanza katika bendi ya parokia. Siku ya Noeli, misa ya asubuhi ikiisha, bendi ilisimama mbele ya kanisa kule juu kwenye kilima, naye akapiga peke yake kabla wengine hawajaingia. Sauti ile ilishuka mpaka kwetu. Mimi nilikuwa naisikia nikiwa jikoni, nikigeuza wali, na sikuona sababu ya kupanda kilima kufuata kitu kinachojileta chenyewe nyumbani.

Maumivu yalianza mwezi wa tisa, mvua za kwanza zilipoanguka. Alikuwa anafanya zamu ya asubuhi. Alirudi saa nane, akala, akajilaza kidogo kama kawaida yake. King'ora cha kiwanda cha nguo kililia saa tisa na nusu, na palepale nikamsikia ameruka kitandani. Nikaingia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, kiganja amekikandamiza juu ya jicho la kuume.

"Kuna nini, Papa?"

"Mutu ananichoma msumari nyuma ya jicho."

"Mutu gani?"

"Mama, kama ningemuona ningemukamata!"

Jicho lilikuwa jekundu, linatiririka machozi. Lile la kushoto lilikuwa kavu, linanitazama kama jicho la mtu mwingine. Pua nayo ilikuwa inavuja upande uleule tu wa kuume, na ukope ulikuwa umelegea kama pazia lililotoka kwenye msumari mmoja.

Sasa, kuumwa kichwa nilikujua. Nani hakujui? Nikishona siku nzima kichwa changu hubanwa pande zote mbili, kama nimefunga kitambaa kwa nguvu. Ninakunywa maji, ninalala, kinaisha. Mama yangu mzazi alikuwa na kile kikali zaidi, cha kutapika. Alifunga milango, akajifunika shuka usoni, akataka hata kuku wanyamaze, na alikaa hivyo siku nzima. Kwa hiyo nilijua kazi ya kufanya: giza, kitambaa cha maji baridi, na kulala bila kutikisika.

Lakini mume wangu hakulala. Nilimlaza, akainuka. Alizunguka chumba, akatoka uani, akarudi, akakaa ukingoni mwa kitanda akijitikisa mbele na nyuma, akasimama tena, akaanza kugonga paji la uso kwenye ukuta. Nikaona atajiua. Nikamwita jirani.

Jirani huyu alikuwa mama wa makamo, mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, mwenye mikono ya kubeba magunia na kinywa kisicho na mlango. Aliingia na harufu yake ya samaki, akamwangalia mume wangu, akasema, "Huyu alikunywa nini?"

"Hakunywa kitu. Nisaidie kumulaza."

Basi tulimlaza. Jirani alishika mabega na mimi, mwanamke niliyesoma miaka minne ya sekondari, nilikaa juu ya miguu ya mume wangu. Nikavuta pazia. Nikamwambia kwa sauti laini, "Tulia, Papa, kikipata giza kitaisha." Alilia. Sijawahi kusikia mwanaume mzima akilia vile. Mwishowe alitusukuma sote wawili, jirani akaangukia cherehani, na yeye akatoka mbio uani kuendelea kuzunguka.

Baada ya saa moja hivi, maumivu yakakatika. Si kupungua polepole, yalikatika. Akaingia ndani amelowa jasho, akaketi, akaomba chai.

"Mama," alisema, "siku nyingine uniue kwa kisu. Huruma yako inaua polepole."

Tulicheka. Kesho yake, saa tisa na nusu, king'ora kililia na msumari ukarudi.

Ulirudi kila siku. Mara nyingine ulimwamsha na usiku, saa moja ama mbili baada ya kulala, lakini ule wa alasiri ulikuwa na saa yake, nami nikaanza kuwasha jiko la chai kabla, kama mtu anayengoja mgeni. Siku zote jicho la kuume. Hata mara moja haukuhamia kushoto. Kati ya mchomo mmoja na mwingine alikuwa mzima kabisa, anakula, anatania, anakwenda kazini, mpaka mkubwa wake wa karakana akamwambia hajawahi kuona ugonjwa unaofuata ratiba vizuri kuliko treni zetu.

Siku moja alikwenda arusini akanywa nusu ya chupa ya pombe. Kabla ya nusu saa kwisha alikuwa nyuma ya nyumba ya watu, anagonga kichwa kwenye mti. Wakasema amelewa. Jirani aliniletea habari ile kabla mume wangu hajaniletea mwenyewe.

Ni mimi niliyegundua habari ya meno. Alikuwa amesema kwamba msumari ukiwa mkali sana, moto unashuka mpaka kwenye meno ya juu. Ah! Nikakumbuka picha ya fuvu katika kitabu cha shule, na mizizi ya meno inayopanda juu. Kwetu pia watu husema kwamba lile jino refu la pembeni mizizi yake inafika jichoni. Kumbe! Nikavaa viatu. Muuguzi aligonga meno ya mume wangu kwa kipini cha kijiko, akakubaliana na mimi kwamba tuanze na la nyuma. Nilifurahi sana kukubaliwa na mtu mwenye koti jeupe.

Jino likatoka. Lilikuwa jeupe, bila tundu. Nililiweka kwenye kiganja nikalitazama, na niliona wazi kwamba halina kosa. Nikajiambia kosa liko ndani.

Siku tano baadaye, maumivu yakakoma. King'ora kililia na mume wangu akaendelea kukoroma. Siku ya pili hivyohivyo. Wiki, mwezi. Ee Mungu, jinsi nilivyojivuna! Nilisimulia kwa kila mteja aliyekuja kupimwa shati. Yeye alikunywa pombe tena na hakuna kilichotokea. Siku ya Noeli alipiga tarumbeta, na nilipoisikia kutoka jikoni nilijisikia kama ninaipiga mimi.

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza, mwezi uleule, jicho lilelile.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema: tumekosea jino, la pili yake ndilo lililobaki na ugonjwa. Tukaenda. Likatoka. Wiki mbili baadaye maumivu yakakoma, kama yalivyokuwa yamekoma mwaka wa kwanza, baada ya wiki saba hivi tangu kuanza. Sikuhesabu wiki. Nilihesabu meno.

Mwaka wa tatu lilibaki lile jino refu la pembeni. Alikataa.

"Hili hapana, Mama."

"Kwa nini? Hili njo lenyewe, ndilo lenye ugonjwa! Mizizi yake inafika jichoni, kila mutu anajua."

"Tarumbeta yangu naiweka upande huu. Mdomo unaegemea hapa." Alijigusa kwa kidole. "Likitoka hili, mdomo utaegemea wapi?"

"Na ukijipasua kichwa kwenye ukuta, tarumbeta utapigia wapi? Kaburini?"

Alasiri ile mchomo ulikuja mara mbili. Baada ya ule wa pili alikuja akasimama karibu na cherehani, jicho bado linavuja, akasema, "Twende."

Ningependa kuandika kwamba nilisita. Sikusita. Nilikuwa nimeshatoa viatu chini ya kitanda.

Lile lilikuwa gumu. Muuguzi alilivuta kwa muda mrefu, mguu mmoja kwenye kiti. Mume wangu alishika mkono wangu na hakutoa sauti, kwa sababu, alivyoniambia baadaye, maumivu ya koleo yalikuwa mapumziko. Na kesho yake, shavu bado limevimba, saa tisa na nusu, msumari ukaja kama kawaida. Ukaja wiki tatu zaidi. Halafu ukakoma wenyewe, bila mtu wa kumshukuru.

Wiki moja kabla ya Noeli alichukua tarumbeta akaenda uani. Niliacha kushona. Sauti ya kwanza ilitoka, ikapasuka, na nyuma yake nikasikia pumzi ikivuja kama tairi la baiskeli. Akajaribu tena. Akaihamishia katikati ya mdomo, pale ambapo hakuwahi kuiweka tangu utoto. Ikatoka kama sauti ya mwanafunzi. Alijaribu siku sita. Siku ya saba aliisafisha, akaifunga kwenye kitambaa chake, akairudisha parokia. Aliporudi akaniambia, "Wamenipa ngoma kubwa. Haihitaji meno." Alicheka, na alipocheka nikaliona pengo.

Mwaka wa nne, mvua za kwanza zilipoanguka, niliacha viatu chini ya kitanda. Ni yeye aliyesema. Mchomo wa kwanza ulipokwisha, alinikuta uani akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa tutoe lipi?" Hakuwa ananitania. Alikuwa ananiamini bado. Ningeweza kuvumilia matusi.

Jirani alikuwa anaanika ndagala ng'ambo ya ua. Akapaza sauti, "Nyinyi, mutaishia wapi? Mukimaliza meno mutaanza vidole? Kwenye ospitali kubwa kuna munganga mupya, ametoka Lubumbashi. Mumupelekee kichwa, muache kinywa."

Tukaenda. Ilikuwa mbali kuliko dispensari na nililalamika njia nzima, kwa mazoea.

Daktari alikuwa kijana, abakosti yake ya kijivu, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, inaonekana chini ya koti jeupe. Hakumgusa mume wangu kwanza. Aliuliza maswali, na ajabu yake maswali yale yote nilikuwa na majibu yake tangu miaka minne, ila hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Sitwaye," alianza, yaani raia, jinsi serikali ilivyotutaka tuitane, "ni upande mmoja, ama unahamahama?"

"Mmoja," mume wangu alisema.

"Unadumu muda gani?"

"Saa moja," nilijibu mimi. "Mara nyingine saa moja na nusu. Unaanza king'ora kikilia."

Aliacha kuandika, akaniangalia. "Kila siku?"

"Kila siku, wiki saba. Halafu unanyamaza mpaka mvua za mwaka mwingine."

"Ukimjia, analala ama anatembea?"

"Anatembea, Dokta. Hata ukimkalia miguuni."

Hakuuliza kwa nini nilimkalia miguuni. Alisema turudi kesho, mume wangu ale chakula chake palepale, alale kwenye kitanda cha chumba cha wauguzi, tungoje.

Tukangoja. Mume wangu alilala. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia saa ya ukutani, kwa mara ya kwanza nikiomba msumari uje. Saa tisa na nusu na dakika chache akaruka. Nami mikono yangu ikaenda yenyewe kumshika mabega.

"Mwache, Mama," daktari alisema. "Ugonjwa huu njo unamsimamisha. Ukimlaza unamuongezea mateso."

Nikarudisha mikono. Daktari alisimama mbele yake, akamwangalia jicho kwa tochi ndogo, kisha akaniita nione: mboni ya jicho la kuume ilikuwa imekuwa ndogo kuliko ya kushoto. Ukope umeshuka. Jasho limetoka nusu ya paji la uso, upande wa kuume peke yake. Vitu vile vilikuwa vimekaa mezani kwangu kila alasiri, vikinywa chai yangu.

Waliburuta mtungi mkubwa wa oksijeni kutoka chumba cha upasuaji. Wakamkalisha kwenye kiti, ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, wakamfunika pua na mdomo, daktari akafungua bomba mpaka hewa ikavuma. Nilitazama saa. Dakika tano, alikuwa bado anatikisa miguu. Dakika kumi, miguu ikatulia. Kabla ya robo saa kwisha alijitoa kile kifuniko usoni, akageuka kunitafuta.

"Umetoka," alisema.

Halafu akalia, kwa macho yote mawili.

Daktari alitueleza taratibu, na sijasahau. Kuumwa kichwa kwa watu wengi, alisema, hubana kichwa chote, na mtu anaweza kuendelea na kazi ama kulala nako. Kile cha mama yangu, cha kutapika na kutafuta giza, hukaa saa nyingi ama siku nzima. Hiki ni kingine. Hukaa kuzunguka jicho moja, huja kwa saa yake, hukatika kabla ya saa tatu kupita, na mgonjwa hawezi kutulia. Na huja kwa mafungu: wiki nyingi mfululizo, halafu kimya cha mwezi, cha mwaka, cha miaka. Fungu likiwapo, pombe kidogo tu inakiamsha. Fungu likipita, unaweza kunywa usiku kucha. Hakiui, hakipofushi jicho. Dawa ya kukimaliza kabisa hana. Alimpa vidonge vya kumeza kabla ya kulala majira yale, akasema mtungi ukiwa na hewa aje akimbilie hapo; lakini mitungi huja kwa treni, na wagonjwa wa upasuaji wanatangulia.

"Kwa hiyo kikikoma," niliuliza, "kinakoma chenyewe?"

"Chenyewe."

"Hata bila kutoa kitu?"

Hapo akaelewa. Alimwambia mume wangu afungue kinywa. Aliangalia ndani kwa tochi ileile, kwa muda.

"Haya yaliyong'olewa yalikuwa yameoza?"

Nilifungua mdomo nijibu. Mume wangu akatangulia. "Yalikuwa yananisumbua, Dokta," alisema. "Niliomba mwenyewe yatolewe."

Ndivyo alivyosema. Njiani tulipokuwa tunarudi hakulizungumza, nami sikulalamika hata mara moja juu ya umbali.

Fungu la mwaka ule lilikwisha katikati ya mwezi wa kumi na moja. Noeli ikafika. Alivaa shati nililomshonea akapanda kilima na wenzake, amebeba ngoma kubwa tumboni. Mimi nilibaki jikoni na wali wangu. Misa ilipokwisha, bendi ikaanza. Tarumbeta ya kwanza ilikuwa ya kijana mwingine, aliyefundishwa na mume wangu mwenyewe miezi ile. Ilitetemeka, ikasimama, ikaendelea. Chini yake nikaisikia ngoma, pu, pu, pu, kwa mpango, haikosei hata mara moja.

Nikatoka uani, nikakaa juu ya kinu, nikafunika uso kwa kitenge. Sijui nililia muda gani. Wali uliungua, hilo ninalijua.

Jirani alikuwa pale, anatenganisha ndagala na mchanga. Alinisikiliza mpaka akachoka. Kisha akasema:

"Nyamaza, Mama. Meno yalikuwa ya ule bwana, hayakuwa yako. Na yeye mwenyewe halii, iko anapiga ngoma."